Ufa Ukutani: Je, ni Plasta tu, au Nyumba Inasogea?



Wazee wetu walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Neno hilo ni la kweli, lakini kwa sisi tuliojenga juu ya udongo mweusi lina jambo la kuongezwa: kabla ya kuziba ufa, ujue kwanza umetoka wapi. Kuna ufa wa plasta tu, ambao waweza kuzibwa Jumamosi moja na usirudi tena. Kuna na ufa mwingine ambao ni habari inayotoka chini ya nyumba. Huo ukiuziba kwa simiti bila kujua sababu yake, umepoteza simiti, na pengine umeuharibu ukuta zaidi.

Katika somo la mwezi huu tutajifunza kuzitambua nyufa za aina hizi mbili. Vyombo tutakavyotumia ni rula, penseli, misumari miwili, kamba yenye jiwe dogo na daftari. Lakini chombo kikubwa kuliko hivyo vyote ni subira, kama utakavyoona.

NYUMBA YA MAMA MMOJA WA SKIMU YETU

Mimi ni karani katika afisi ya kilimo, na kabla ya hapo nilisomea ualimu. Watu wengi wajapo kuuliza habari za mbegu na mbolea huniuliza na mambo mengine, kwa kuwa wananiona na kalamu. Siku moja mwezi wa Desemba alikuja mama mmoja mjane, akaniambia, "Bwana Karani, nyumba yangu inapasuka. Fundi asema ukuta wa mwisho ubomolewe wote ujengwe upya. Nina ng'ombe wawili wa maziwa. Nikiuza mmoja nitapata fedha za kujenga, lakini karo ya watoto itatoka wapi?"

Jambo hili lilinichoma, maana mwaka uliotangulia aliniuliza habari za ufa huo huo, nami nilimjibu upesi kwamba auzibe kwa simiti basi. Aliuziba. Ukarudi. Akauziba tena, ukarudi tena. Alipoziba mara ya tatu, kipande cha plasta kilianguka na ufa mwingine ukatokea kando yake. Kwa hiyo safari hii sikumjibu neno. Nilikwenda kutazama.

Nyumba yake ni ya mawe ya kuchonga, vyumba vitatu, paa la mabati. Tulikuta nyufa mbili. Moja ilikuwa sebuleni, juu ya ukuta wa kati: nyufa nyembamba nyingi zilizoshikana kama wavu wa samaki. Hiyo ndiyo iliyomtia hofu zaidi, kwa sababu kila mgeni aliiona. Ya pili ilikuwa chumba cha mwisho, ikianzia kwenye pembe ya dirisha na kupanda mpaka karibu na paa. Hiyo ilifichwa na kalenda.

Sasa tuzichunguze nyufa hizo kwa maswali matatu. Nawe msomaji waweza kuuliza maswali hayo hayo kwako nyumbani.

SWALI LA KWANZA: UFA UMEFIKA WAPI NDANI YA UKUTA?

Plasta ni nguo ya ukuta. Nguo ikichanika haimaanishi kwamba mwili una jeraha. Basi kazi ya kwanza ni kufunua nguo na kuutazama mwili.

Chukua patasi na nyundo ndogo. Katikati ya ufa, bandua plasta kipande cha upana wa kiganja, upande huu na upande huu wa ufa, mpaka uone jiwe au tofali. Futa vumbi. Kama jiwe ni zima, na simiti iliyoshika mawe pamoja ni nzima pia, ufa huo ni wa plasta. Kama ufa unaendelea ndani ya jiwe au katika maungio ya mawe, nenda upande wa pili wa ukuta ukatazame mahali pale pale. Ukiukuta na huko, ujue ukuta umepasuka kutoka upande hata upande.

Sebuleni kwa mama tulibandua kipande, tukakuta mawe mazima. Tulipogonga plasta kwa kidole cha mkono, mahali pengine ilitoa sauti kama debe tupu, maana yake haikushika ukutani. Sababu yake ilikuwa rahisi. Fundi alipiga plasta wakati wa jua kali bila kuulowesha ukuta kwanza, akatia simiti nyingi kuliko ilivyopasa, tena hakuimwagilia maji siku zilizofuata. Plasta inayokauka upesi hujikunja, na ikijikunja hupasuka. Nyufa za namna hii hutokea katika majuma ya kwanza, kisha hukoma. Hazipanuki mwaka hata mwaka. Mama alikumbuka kwamba aliziona tangu mwezi alipohamia.

Basi ile iliyomtisha haikuwa na hatari yo yote. Dawa yake ni kubandua sehemu zinazolia kama debe, kulowesha ukuta, kupiga plasta mpya, na kuimwagilia maji asubuhi na jioni kwa siku saba.

Katika chumba cha mwisho mambo yalikuwa mengine. Chini ya plasta ufa uliendelea, ukipanda kwa kufuata maungio ya mawe kama ngazi, na mahali pamoja ulipita katikati ya jiwe lenyewe. Na nje tuliukuta vile vile.

SWALI LA PILI: UFA UNA UMBO GANI?

Usitazame upana tu, tazama umbo lote. Ufa wa nyumba inayosogea mara nyingi huenda mshazari au kama ngazi, nao hupenda kuanzia kwenye pembe za madirisha na milango, kwa kuwa hapo ndipo ukuta ulipo dhaifu. Tena haulingani upana wake. Mwisho mmoja ni mwembamba na mwingine ni mpana, na tofauti hiyo yatuonyesha sehemu gani ya nyumba inashuka.

Fikiri mkate mrefu ulioulaza juu ya mikono yako miwili. Ukiteremsha mkono mmoja, kichwa kimoja cha mkate huinama, na mkate hupasuka kuanzia juu. Ndivyo na nyumba: ufa ulio karibu na mwisho wa nyumba, wenye upana juu na wembamba chini, mara nyingi huonyesha kwamba kona ile inashuka. Lakini ukiona ufa katikati ya ukuta mrefu, mpana chini na mwembamba juu, fikiri kwamba katikati ndiko kunakobonyea.

Katika nyumba ya mama, ufa ulikuwa milimita 4 juu karibu na paa, na milimita 1 tu pale kwenye pembe ya dirisha. Basi tulishuku kona ya mbele.

Mpate kipimo cha mkono: kadi ya benki ina unene wa karibu milimita 0.8, na penseli ya kawaida karibu milimita 7. Wajenzi hufuata kadiri hii. Ufa ambao kadi haipiti kwa kawaida ni wa sura tu. Ufa wa mpaka milimita 5 huenda ukawa wa sura tu, lakini unahitaji kuchunguzwa. Ufa unaopitisha penseli si wa sura tena. Huo huingiza mvua na kukaza milango, na sababu yake lazima itafutwe. Ukifika milimita 15 na zaidi, usihangaike na rula, muite mtu mwenye ujuzi.

Lakini upana peke yake hudanganya. Ufa wa milimita 6 uliotokea miaka ishirini iliyopita na ukatulia waweza kuwa na hatari ndogo kuliko ufa wa milimita 2 uliozaliwa mwezi uliopita na unaoendelea kukua. Ndiyo sababu swali la tatu ndilo kubwa.

SWALI LA TATU: JE, UFA UNASOGEA?

Hapa lazima tuseme kidogo juu ya udongo wenyewe. Udongo mweusi tulio nao, kama ule wa Mwea, wa nyanda za Kano na wa nyanda za Athi, hunywa maji na kuvimba, na ukikauka hunywea na kupasuka. Kila mkulima ameona shamba lake mwezi wa Februari likiwa na mianya ya kuweza kuingiza mkono. Udongo ule ule uko chini ya msingi wa nyumba. Sehemu iliyo katikati ya nyumba imefunikwa na sakafu, haikauki upesi wala hailowi upesi. Lakini kingo na kona ziko wazi kwa jua na mvua. Basi wakati wa kiangazi kona hushuka, na wakati wa masika huinuka. Nyumba hubebwa juu na chini, wala katikati haifuatani na kona. Hapo ukuta hupasuka.

Ukielewa hayo, waona kwa nini simiti ya mama ilishindwa. Aliziba ufa wakati wa kiangazi ulipokuwa wazi. Mvua iliponyesha, udongo ulivimba, kona ikataka kurudi mahali pake, lakini ikakuta ufa umejazwa kitu kigumu. Nguvu ile ilitafuta njia nyingine, ndipo ufa wa pili ukatokea kando. Nami ndiye niliyempa shauri hilo.

Sasa namna ya kupima. Piga msumari mgumu wa ukutani upande mmoja wa ufa, na mwingine upande wa pili, umbali wa milimita 100 baina yao. Piga ndani ya jiwe lenyewe, si katika plasta. Katika kila kichwa cha msumari kwaruza alama nyembamba kwa msumeno wa chuma. Pima kutoka alama hata alama kwa rula ya chuma. Ukiweza kuazima kalipa kutoka gereji au chuo cha ufundi, ni bora zaidi, kwa maana husoma sehemu ya kumi ya milimita. Kisha kwa penseli weka kistari mahali ncha ya ufa inapoishia, na uandike tarehe hapo hapo ukutani.

Pima kila tarehe moja ya mwezi, asubuhi kabla jua halijaupasha ukuta moto, na uandike katika daftari. Andika pia kama mvua ilinyesha mwezi huo, na kama mlango wo wote umeanza kukaza.

Wengine hubandika kipande cha kioo chembamba juu ya ufa. Si vibaya, lakini kioo kikivunjika kitakuambia tu kwamba ukuta umesogea. Hakikuambii umesogea kiasi gani, wala kama umerudi. Misumari hukuambia yote mawili.

DAFTARI LA MAMA

Tulipiga misumari tarehe 1 Januari. Mtoto wake wa darasa la sita ndiye aliyepewa kazi ya kupima, naye hakukosa mwezi hata mmoja. Haya ndiyo aliyoandika, kwa milimita:

Januari 100. Februari 101. Machi 102. Aprili 102. Mei 100.5. Juni 99.5. Julai 99.5. Agosti 100. Septemba 101. Oktoba 102. Novemba 101. Desemba 100. Na Januari iliyofuata, 100.

Soma hesabu hizo polepole, kwa maana ndizo somo lenyewe. Ufa ulipanuka wakati wa kiangazi cha mwanzo wa mwaka. Mvua ndefu zilipoanza, hazikufika chini mara moja, ndiyo sababu mwezi wa Aprili bado ulikuwa 102. Baadaye ufa ulijifunga, hata mwezi wa Juni ukawa mwembamba kuliko tulivyoukuta. Ukapanuka tena kabla ya mvua fupi, ukajifunga tena. Na mwisho wa mwaka ulirudi pale pale ulipoanza.

Kama tungepima kutoka Januari mpaka Machi tu, tungesema, "Ukuta unaanguka!" na ng'ombe angeuzwa. Kama tungepima kutoka Machi mpaka Juni tu, tungesema, "Ufa unapona wenyewe," tukaenda kulala. Yote mawili yangekuwa makosa. Katika udongo mweusi, kipimo cha chini ya mwaka mmoja hakitoshi kutoa hukumu juu ya ufa wa namna hii.

Mwaka mzima ulituonyesha kwamba nyumba ilikuwa inasogea kweli, lakini ilikwenda na kurudi kwa milimita 2.5. Haikuwa inaendelea kuanguka. Timazi ilishuhudia vile vile: tulining'iniza kamba yenye jiwe kutoka juu ya ukuta, tukapima nafasi iliyo baina ya kamba na ukuta juu na chini, Januari hii na Januari ile. Tofauti ilikuwa ile ile. Ukuta haukuwa unazidi kuinama.

TULIVYOTIBU SABABU

Kwa kuwa sasa tulijua ni udongo, tuliizunguka nyumba kutafuta ni nini kinachoukausha upande mmoja na kuulowesha upande mwingine.

Hatua tano tu kutoka kona ya mbele palikuwa na miti mitatu ya blugamu, ambayo mama aliipanda baada ya kuhamia ili apate kivuli na nguzo. Blugamu hunywa maji mengi sana, na mizizi yake huenda mbali. Kanuni nzuri ni hii: mti wa namna hiyo usiwe karibu na nyumba kuliko urefu utakaoufikia ukikomaa. Kwa kona ya nyuma mambo yalikuwa kinyume. Tangi la maji ya mvua lilipojaa lilifurika pale pale kwenye msingi, na maji ya bafu yalimwagwa hapo kila siku. Basi ukuta mmoja ulisimama juu ya udongo mkavu mbele na udongo uliolowa nyuma.

Mama alikata miti ile, na kila visiki vilipochipuka alivikata tena mpaka vikafa, maana blugamu iliyokatwa hufufuka. Lakini angalia: miti hii ilikuwa midogo kuliko nyumba kwa umri. Kama mti ni mkubwa na ulikuwapo kabla ya nyumba kujengwa, usiukate ghafula bila shauri. Udongo ulioukausha kwa miaka mingi utaanza kuvimba, na kuvimba huko kwaweza kuinua nyumba na kuipasua vibaya zaidi.

Pili, alitia mifereji ya mabati kando ya paa lote. Maji ya kufurika ya tangi na ya bafu akayapeleka kwa bomba mpaka bustani ya mboga, mbali na msingi.

Tatu, alizungushia nyumba kibaraza cha zege chenye upana wa mita moja, kilichoinamia nje ili maji yakimbie. Katika kila mita kilishuka sentimita tano. Kazi ya kibaraza si kuzuia mvua tu. Huzuia na jua pia, ili udongo ulio chini ya kingo usikauke wala usilowe kwa haraka.

Hakuziba ufa mwaka huo. Mtoto aliendelea kupima. Mwaka wa pili tofauti baina ya mwezi mpana na mwezi mwembamba ilikuwa chini ya milimita 1. Ndipo mwezi wa Juni, ufa ulipokuwa mwembamba, fundi akausafisha na kuujaza kwa mchanganyiko laini: debe moja la simiti, madebe mawili ya chokaa ya kujengea, na madebe tisa ya mchanga safi. Mchanganyiko huu ni dhaifu kuliko jiwe, nao umekusudiwa kuwa hivyo. Nyumba ikisogea kidogo, ni huo utakaopasuka wala si jiwe.

Nyumba bado iko juu ya udongo mweusi, na haitaacha kabisa kusogea. Kuponya kabisa kungekuwa ni wakati wa kujenga: kuchimba udongo mweusi mpaka kuufikia murram au mwamba, au kuutoa na kujaza murram kwa tabaka za sentimita 15, kila tabaka ikishindiliwa, na kufunga kuta zote kwa mkanda wa zege na nondo. Anayetaka kujenga sasa na ayaweke hayo moyoni. Lakini ng'ombe wa mama yuko zizini.

NYUMBA YA PILI, AMBAYO HAIKUWA HIVYO

Nisiwafanye mfikiri kwamba kila ufa hurudi. Jirani yake aliona kazi ile, naye akapiga misumari katika ukuta wa jikoni kwake. Alianza Machi, kabla ya mvua. Alisoma 100, kisha 101, kisha 102.5, kisha 104. Tazama tofauti: mvua ilinyesha, na nyufa za jirani zikajifunga, lakini wake ulizidi kupanuka. Tena upande mmoja wa ufa ulianza kutokeza nje kuliko upande wa pili, hata ukipitisha kidole wahisi kizingiti. Timazi ilionyesha ukuta unaning'inia nje, na kila mwezi ulizidi.

Huyo hakungoja mwaka. Alihamisha meko nje siku ile ile, akaegemeza ukuta kwa magogo, akamwita afisa wa majenzi wa kaunti. Walipochimba kando ya msingi walikuta udongo laini wenye takataka. Palikuwa na shimo la choo cha zamani, lililofukiwa na watu waliokaa kiwanja hicho kabla yake, na msingi ulipita juu yake. Maji ya mvua yalipoingia, udongo ule ulikuwa unashuka chini, wala hapakuwa na kitu cha kuurudisha. Hapo kubomoa ukuta na kuujenga upya juu ya msingi uliofika udongo mgumu ndiko kulikokuwa shauri la haki.

Kwa hiyo kanuni ni hii: ufa unaokwenda na kurudi kwa majira, tibu maji na miti. Ufa unaokwenda upande mmoja tu bila kurudi, ita mjuzi mapema.

USINGOJE KUPIMA UKIONA HAYA

Kuna dalili ambazo hazitaki daftari. Toka katika chumba hicho, toa watoto, kisha ndipo uite msaada, ukiona mojawapo ya hizi: ufa mpya unaofunguka kwa siku chache na vumbi la plasta linaanguka sakafuni, mlango au dirisha lililokuwa jepesi limekaza ghafula, boriti au mbao za paa zinachomoka katika ukuta zinapoegemea, ukuta wa mwisho umeachana na ukuta wa kati, hata waona mwanga, jiwe lililo juu ya mlango limeshuka, au ukuta umebenuka kama tumbo. Na ukuta wenye urefu wa mita 2.5 ukiwa umeinama zaidi ya milimita 25 kwa timazi, usikubali mtu alale chini yake mpaka mjuzi auone.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Umebandua plasta, ukakuta jiwe ni zima. Ufa huo ni wa aina gani, na watibiwaje?

2. Ufa ulio karibu na kona ni milimita 3 juu na nusu milimita chini. Washuku sehemu gani ya nyumba?

3. Jirani yako amepima ufa Januari 100, Februari 101, Machi 102, naye ataka kubomoa ukuta. Utamshauri apime mpaka lini, na ni dalili gani zitakazomfanya asingoje?

4. Kwa nini si vema kuziba kwa simiti ngumu ufa uliofunguka wakati wa kiangazi?

Waliojibu hayo manne wanaweza kupiga misumari yao tarehe moja ya mwezi ujao.